Si Kila Mnyoo wa Bustanini ni Nyungunyungu: Namna ya Kumtambua Mnyoo Bapa

Mvua zinapoanza kunyesha katika ukanda wa pwani ya Lindi, minyoo hupanda juu ya udongo katika bustani za Kilwa Masoko, Kivinje na Lindi Mjini. Mwananchi akimkuta asiyemfahamu, humpiga picha kwa simu na kumuuliza afisa ugani kama ana madhara. Jibu hutegemea alama chache ambazo picha nzuri huweza kuzionesha.

Alama ya kwanza ni pingili. Nyungunyungu ana pingili mwili mzima, na aliyekomaa ana mkanda mnene karibu na upande wa kichwa. Huyu ni rafiki wa mkulima na aachwe aendelee na kazi yake ya kulegeza udongo. Ruba naye ana pingili, ila ana kinyonyeo kila ncha na huishi majini. Hivyo hutarajiwa zaidi katika mabonde ya mpunga na madimbwi kuliko chini ya chungu cha maua.

Mnyoo bapa wa nchi kavu hana pingili hata moja. Mwili wake ni laini, umefunikwa na ute, na huteleza polepole mfano wa konokono asiye na gamba.

Tuchukue mfano wa picha iliyopigwa Kilwa Masoko chini ya chungu cha ua lililonunuliwa Dar es Salaam. Mnyoo aliyemo ni mwembamba, ana urefu wa karibu sentimita 20, rangi ya kahawia isiyokolea, na mistari mitano myeusi mgongoni. Kichwa chake kimetanuka kama nusu mwezi. Alama hizo kwa pamoja zinaelekeza kwa mnyoo bapa aitwaye kitaalamu Bipalium kewense. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, lakini alielezwa kisayansi mwaka 1878 kutokana na waliopatikana katika nyumba ya mimea ya bustani ya Kew, London. Maelezo hayo yenyewe yanadokeza njia yake ya kusafiri: udongo wa mimea ya vyungu.

Mnyoo huyu hali mimea. Chakula chake ni nyungunyungu, ambaye humnasa kwa ute, kisha humyeyusha kwa koromeo linalotoka katika mdomo ulio katikati ya tumbo. Mwaka 2014 watafiti walibaini kuwa ana tetrodotoksini, sumu ileile ambayo wavuvi wetu huiepuka kwa bunju. Hamng'ati binadamu, lakini asishikwe kwa mkono mtupu, wala kuachwa mahali ambapo watoto au kuku wanaweza kumfikia.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumkatakata kwa jembe. Mnyoo huyu huzaliana hasa kwa kujikata: huacha kipande cha mkia, nacho huota kichwa kipya baada ya siku chache. Anayemkata vipande vitatu huenda amejiongezea wawili. Njia salama ni kumwinua kwa kijiti, kumtia katika kopo na kummwagia chumvi ya kutosha au siki. Kazi hiyo ifanyike ndani ya kopo, kwa kuwa chumvi ikimwagwa bustanini huharibu udongo. Kisha chungu kikaguliwe chini na pembeni, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Hata hivyo, kichwa cha nusu mwezi pekee hakitoshi kutoa hukumu. Mwaka 2022 watafiti walieleza spishi nyingine yenye kichwa cha aina hiyo kutoka Mayotte, katika visiwa vya Komoro. Hiyo hung'aa kijani na buluu. Afrika pia ina minyoo bapa wake wa asili wasiostahili kuuawa. Wakati mwingine picha huishia kwenye kundi tu, na jina kamili huhitaji uchunguzi wa maabara.

Historia ya konokono mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki inaonesha gharama ya kuhamisha viumbe ovyo. Alipopelekwa visiwa vya Pasifiki akawa mharibifu wa mazao, na ili kumdhibiti ukaletwa mnyoo bapa kutoka Nyugini. Mnyoo huyo hakuishia kwa mgeni. Aliwamaliza pia konokono wa asili wa visiwa kadhaa.

Mwananchi anayetuma picha apige tatu: kichwa kikiwa kimenyooshwa, mgongo mzima na tumbo, huku sarafu ikiwa pembeni kuonesha ukubwa. Aeleze kijiji au mtaa, tarehe, na mahali mche au chungu kilikotoka. Picha zifikishwe kwa afisa ugani wa kata, ambaye anaweza kuziwasilisha kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Ikiwezekana, mnyoo mmoja ahifadhiwe katika kichupa chenye spiriti, kwani aliyetiwa chumvi husinyaa na mistari yake haisomeki tena.