Harufu ya beberu imo kwenye mafuta

Kabla hujatia nyama ya mbuzi kwenye sufuria, kata kipande cha mafuta yake chenye ukubwa wa harage, kiweke kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani, kisha uinamie unuse. Kama ni nyama nzuri, utasikia harufu ya mafuta yanayokaangwa, basi. Kama ni beberu, utajua kabla mafuta hayajamaliza kuyeyuka. Jaribio hili huchukua dakika moja, nalo ndilo linaloamua kama upike kwa chumvi na tangawizi tu au ujiandae kwa kazi.

Linafaa kwa sababu sehemu kubwa ya harufu hiyo imo kwenye mafuta, wala si kwenye damu kama wengi wanavyodhani. Mbuzi na kondoo hujenga mwilini aina fulani za tindikali za mafuta ambazo ng'ombe hana kwa kiasi hicho. Kwa dume asiyehasiwa huongezeka anapokomaa, hasa msimu wa kupanda majike. Tena ana tezi za harufu nyuma ya pembe, na hujikojolea ndevu na miguu ya mbele. Kwa hiyo mchinjaji anayeshika manyoya kisha akashika nyama kwa mkono uleule anaihamisha harufu hiyo kutoka ngozini. Kwenye supu ya kichwa, ngozi ya nyuma ya pembe ikatwe itupwe. Kuibabua tu hakutoshi.

Ndiyo maana kuosha nyama maji matatu hakusaidii sana: mafuta hayatoki kwa maji baridi. Hata ndimu, ambayo tunaiamini mno, haiiui harufu hii. Ndimu ni tindikali, na kinachonuka nacho ni tindikali, haviwezi kuzimana. Ndimu huleta harufu yake nzuri na kukata uzito wa mafuta mdomoni, jambo ambalo lina faida yake, lakini ikamuliwe mwishoni, nyama ikiwa imeiva.

Kinachofanya kazi kweli ni kisu. Tuseme una kilo mbili za mbavu na paja, na kikaango kimekwambia ni beberu. Ondoa mafuta yote meupe ya juu, yaliyozunguka figo na yaliyojificha kati ya misuli ya paja. Menya pia ule utando mwembamba unaong'aa juu ya nyama. Ushike kwa kitambaa kikavu usikuteleze. Usione uchungu kutupa. Kisha paka chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, uache kwa saa moja. Mtindi nao ni mzuri, na hulainisha nyama ya mnyama mzee kuliko ndimu inayokausha nje.

Baada ya hapo bandika nyama kwenye maji baridi yanayoifunika tu, bila mfuniko, mpaka yachemke. Povu la kijivu litapanda. Acha ichemke dakika tano hadi kumi, mwaga maji hayo, suuza nyama na sufuria, kisha anza upya kwa maji ya moto, kitunguu maji na kipande cha tangawizi. Usifunike kwa nusu saa ya mwanzo. Harufu hii hupanda na mvuke, na mfuniko huirudisha chunguni ikidondoka. Mafuta yanayoelea yachote kwa kijiko. Kama hakuna haraka, acha supu ipoe usiku kucha kwenye friji. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu, utayainua kama kigae.

Maji ya kwanza huondoka na utamu pia. Kwa mbuzi mchanga au aliyehasiwa mapema, kuyamwaga ni kuharibu supu bure. Ni dawa ya beberu peke yake.

Viungo vije sasa, si mwanzoni. Kaanga vitunguu, bizari na iliki kwa mafuta ya kula, kamwe si kwa yale uliyochota, ndipo utie nyama iliyoiva. Anayemwaga bizari juu ya mafuta yanayonuka anapata mchuzi wa bizari unaonuka beberu.

Hata hivyo, kwa dume mzee kuna mafuta membamba ndani ya misuli yenyewe, na hayo hakuna kisu kinachoyafikia. Harufu itapungua, haitakwisha. Nyama hiyo nisingeichoma: mafuta yakidondokea mkaa, moshi wake huirudia nyama.

Kondoo hufuata kanuni hiyohiyo, hasa aliyezeeka, na mafuta ya mkia wake yapikwe kando. Mle chakula kikiwa cha moto, maana mafuta ya kondoo na mbuzi huganda upesi midomoni na kubaki na harufu yake. Ama nyama yenye utelezi, rangi ya kijani au harufu ya uchachu, hiyo imeoza, itupwe.