Arosto ya Sigara Wodini

Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda aliyelazwa wodi ya mifupa. Paja limevunjika, mguu umefungwa kamba, uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, na kushuka hapo ni habari ya wiki kadhaa. Siku ya kwanza alikuwa mpole. Usiku wa pili anamfokea mkewe, anasukuma sahani, anang'oa mpira wa dripu. Manesi wanamwita mkorofi. Hakuna aliyemuuliza kama anavuta, naye nyumbani alikuwa akimaliza pakiti nzima, sigara 20, kwa siku.

Nikotini haikai mwilini. Kila baada ya saa mbili hivi, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu. Arosto huanza siku hiyo hiyo, huwa kali siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea taratibu kwa wiki mbili hadi nne.

Ila si kila fujo ya usiku wa pili ni sigara. Kwa aliyevunjika paja, mafuta ya ndani ya mfupa yanaweza kuingia kwenye damu na kufika mapafuni, na hatari hiyo huja siku hizo hizo. Huyo hupumua haraka, oksijeni yake hushuka, huchanganyikiwa. Aliyekatishwa pombe ghafla hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio. Mwenye arosto ya sigara ana hasira na usingizi haumjii, lakini anajua alipo, na mapigo ya moyo wake mara nyingi hupungua kidogo. Kwa hiyo kipimo cha kidole kwanza, lawama baadaye.

Vipimo vya dereva wetu viko sawa. Yanabaki maswali mawili: anavuta ngapi, na ya kwanza huiwasha lini? Anajibu, "Kabla sijanawa uso." Anabandikwa kibandiko cha nikotini cha miligramu 21 juu ya mkono, kibadilishwe kila asubuhi. Kibandiko hupanda polepole, kwa saa kadhaa, kwa hiyo hamu ikimshika anapewa jojo ya nikotini ya miligramu 4, kwa kuwa huvuta ndani ya nusu saa tangu aamke.

Hapa ndipo wengi hukosea. Dereva aliitafuna kama bazoka, akapata kwikwi na kiungulia, akasema dawa ni bure. Nikotini hiyo hupitia ngozi laini ya mdomo. Ikimezwa, nyingi hupotea. Hutafunwa taratibu mpaka ulimi uwashe, kisha huegeshwa kati ya shavu na fizi, mwasho ukiisha hutafunwa tena. Soda na kahawa zisubiri robo saa, kwani ukali wake huzuia nikotini kupenya.

Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, ingawa kuingia orodhani si kuingia kabatini. Zikikosekana, ndugu asimletee sigara kwa siri: kitanda cha jirani kina mtungi wa oksijeni.

Asubuhi ya nne dereva alikuwa na lalamiko moja tu, ndoto za ajabu. Nesi akamwambia akibandue kibandiko anapolala, na cha asubuhi akakihamishia mkono wa pili.