Pushapu Zilezile 10, Mwili Uleule: Namna ya Kuongeza Ugumu Bila Chuma

Wazazi wengi wanaofanya mazoezi nyumbani hukwama mahali pamoja. Wiki za mwanzo pushapu 10 zinawatoa jasho. Baada ya miezi miwili wanapiga 10 zilezile huku wakiwaza chakula cha jioni. Misuli huongezeka nguvu pale tu inapodaiwa zaidi ya ilivyozoea. Jimu unaongeza chuma. Nyumbani mzigo ni mwili wako, nao hauongezeki kila wiki. Kinachobadilika ni kiasi cha mwili huo unachoibebesha mikono.

Tuchukue mama wa watoto wawili mwenye kilo 70. Akipiga pushapu ya kawaida sakafuni, mikono yake hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wake, yaani kama kilo 45. Akiweka viganja juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60, mzigo unashuka hadi karibu kilo 29. Kwenye sentimita 30 ni kama kilo 38. Akipandisha miguu sentimita 60 huku mikono ikiwa chini, anabeba zaidi ya kilo 50. Kwa hiyo meza, ukingo wa kitanda, kigoda, sakafu, kisha miguu juu ya kiti ni ngazi kamili ya mazoezi, na yote imo ndani ya nyumba.

Anaanza na kimo kinachomruhusu kupiga mara 8 kwa umbo zuri: mwili umenyooka kutoka kisigino hadi kichwa, kifua kinakaribia meza, viwiko vimeelekea nyuma kidogo badala ya kutanuka kama mabawa. Atabaki hapo mpaka afike 12 katika raundi zote 4, akiwa na uwezo wa kuongeza mbili zaidi mwishoni. Akiweza hivyo siku mbili za mazoezi zinazofuatana, anashuka kwenye kitanda. Hapo hesabu itarudi 8, pengine 7. Wengi hudhani wamerudi nyuma na kukimbilia mezani tena, kumbe hapo ndipo nguvu mpya inapojengwa.

Miguu nayo ina ngazi yake. Kwanza kuketi na kuinuka kitini bila kushika kitu. Kisha kuchuchumaa bila kiti, ukishuka polepole kwa hesabu ya tatu na kutulia kidogo chini. Baadaye mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, hatimaye mguu wa nyuma juu ya kiti, ambapo mguu wa mbele unabeba sehemu kubwa ya mwili peke yake. Mtu anayechuchumaa mara 50 bila shida hahitaji kufika 60. Anahitaji hatua inayofuata.

Dakika 20 zinagawanyika hivi: 3 za kupasha mwili moto kwa kutembea papo hapo na kuzungusha mabega, 12 za raundi 4 za pushapu na kuchuchumaa kwa zamu, na 4 za mgongo. Dakika moja inayobaki ni ya kuvuta pumzi. Kwa kupishanisha, mikono inapumzika wakati miguu inafanya kazi. Mgongo ndio udhaifu wa mazoezi yasiyo na vifaa, kwa sababu mwili hauna cha kuvuta. Inama ukiwa umeegemeza mkono mmoja kitini, mgongo umenyooka, na kwa mkono mwingine vuta dumu la maji kuelekea kiunoni. Lita moja ni kilo moja, hivyo ugumu unaongezwa kwenye bomba.

Fanya hayo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine dakika 20 ziende kwenye kutembea haraka au kupanda ngazi, ili misuli ipate muda wa kujijenga.

Dalili za kuzidisha zinaonekana mapema. Kiuno kikianza kuning'inia kwenye pushapu, raundi hiyo imekwisha hata kama hesabu haijafika. Misuli kuuma siku moja au mbili baadaye ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti au bega si kawaida, rudi ngazi moja upate wepesi. Usibane pumzi, itoe unapojisukuma. Mtoto akikufanya ukeshe usiku, punguza raundi ziwe 2 lakini usibadili kimo. Ukikosa zaidi ya wiki mbili, rudi ngazi moja.

Aliyejifungua karibuni, mwenye presha isiyodhibitiwa, au anayebanwa kifua akijitahidi, aonane na daktari kwanza. Wengine, chukueni daftari la mtoto lililobaki kurasa, mwandike tarehe, kimo na hesabu ya kila raundi. Bila maandishi hayo hamtajua lini mshuke.