Digrii za Ramani: Kutoka Desimali hadi Dakika na Sekunde

Kilele cha Uhuru, juu ya Mlima Kilimanjaro, huandikwa kuwa kipo 3°04′33″ Kusini na 37°21′12″ Mashariki. Kwenye simu, mahali hapo hapo husomeka -3.075833, 37.353333. Namba zinatofautiana lakini sehemu ni moja. Kinachobadilika ni namna ya kuigawa digrii: digrii moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60, kwa hiyo digrii nzima ina sekunde 3,600. Desimali nayo huigawa digrii hiyo hiyo kwa kumi, mia na elfu.

Kuingia kwenye desimali ni kugawanya na kujumlisha. Dakika hugawanywa kwa 60, sekunde kwa 3,600, kisha yote huongezwa kwenye digrii. Kwa latitudo ya kilele, 4 ÷ 60 ni 0.066667, na 33 ÷ 3,600 ni 0.009167. Zikijumlishwa na 3 hupatikana 3.075833.

Kurudi nyuma huenda kwa hatua. Digrii kamili, 3, huwekwa kando. Kinachobaki, 0.075833, huzidishwa kwa 60 na kutoa 4.55, yaani dakika 4. Baki la 0.55 huzidishwa tena kwa 60, nazo hutoka sekunde 33. Sekunde zikikadiriwa zikafika 60, dakika huongezwa moja na sekunde huwa sifuri. Maandishi kama 3°04′60″ hayafai kuachwa hivyo.

Kosa linaloongoza ni kusoma tarakimu za desimali kana kwamba ni dakika na sekunde. Mtu anayeiona 3.0758 akaandika 3°07′58″ ameongeza dakika 3 na sekunde 25. Karibu na Ikweta sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini, kwa hiyo amekisogeza kilele zaidi ya kilomita 6 kusini. Dalili ya kosa hili hujificha vizuri, kwa sababu 07 na 58 zote ni dakika na sekunde halali. Ingekuwa 3.0785, sekunde 85 zingemshtua.

Kuna pia mtindo wa kati, unaopendwa na mabaharia na vifaa vingi vya GPS: digrii na dakika zenye desimali. Kilele kwa mtindo huo ni 3°04.55′. Anayeisoma 3°04′55″ anakosea kwa sekunde 22, karibu mita 680. Nukta ndogo iliyo baada ya dakika ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Alama ya kutoa nayo ina mtego wake, na huku kusini mwa Ikweta mtego huo ni wa kila siku. Alama hiyo ni ya pembe nzima, si ya digrii peke yake. Anayeandika kwenye kompyuta -3+4/60+33/3600 hupata -2.924167, na kilele huhamia karibu kilomita 17 kaskazini. Namna sahihi ni kufunga mabano kwanza:

```
=-(3+4/60+33/3600)
```

Katika upimaji wa viwanja pembe hizi huonyesha mwelekeo wa mpaka kutoka bikoni moja hadi nyingine. Tuseme mpaka wa mita 200 una mwelekeo wa 127°38′45″. Kwa desimali ni 127.645833. Fundi akiingiza 127.3845 kwenye kikokotoo kinachotaka desimali, mstari hupinda kwa zaidi kidogo ya robo ya digrii, na bikoni ya mwisho hukaa kama sentimita 91 mbali na mahali pake. Ni kidogo kwa mpanda mlima, ila ni ugomvi kamili kati ya majirani. Orodha nzima ya pembe husaidia kugundua: ikiwa tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta hazizidi 59 hata mara moja, inaelekea hizo ni dakika zilizovishwa nukta.

Idadi ya tarakimu huamua usahihi. Desimali nne hufikia mita 11, desimali tano mita moja na ushei. Sekunde kamili, bila desimali yake, hufikia mita 31 tu. Kwa hiyo anayebadili desimali tano abakishe walau sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo ni kama mita 3, na ikiwezekana sehemu ya mia.

Hesabu hii haigusi msingi wa ramani. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambazo kila karatasi hufunika dakika 15 kwa 15, zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Kati ya misingi hiyo miwili kuna tofauti ya takriban mita 300, hata pale digrii, dakika na sekunde zilipobadilishwa bila kosa. Jina la msingi huchapwa pembezoni mwa karatasi, na kwenye GPS huchaguliwa katika mipangilio.