Bamba Jembamba, Ukuta Mrefu

Vuta bamba la chuma la milimita 5: litarefuka na unene wake utapungua, maana nyuso zake mbili ziko huru. Kwa hiyo mhandisi huhesabu mkazo unaopita katika unene kuwa sifuri.

Ukuta wa zege wa mita 60 unaozuia udongo ni kinyume. Kila kipande kinataka kutanuka kufuata urefu wa ukuta, lakini vipande jirani vinakizuia. Hapo sifuri ni mtanuko, si mkazo: zege likibanwa wima kwa megapaskali 1, hubanwa pia kwa takriban 0.2 kufuata urefu.

Ukilihesabu bamba kama ukuta, litaonekana gumu kupita kiasi kwa karibu asilimia 10. Nao ukuta, kwenye ncha na kona zake, unahitaji hesabu ya pande tatu.