Jogoo Asipowika: Barua ya Mume kwa Daktari

Madaktari wamemzoea mwanamume anayeingia akilalamikia mgongo, akapimwa, akaandikiwa dawa za maumivu, kisha akiwa ameshashika kitasa cha mlango ndipo anageuka na kusema, "Samahani daktari, kuna kitu kingine kidogo." Hicho kidogo ndicho kilichomtoa nyumbani. Kwa kuwa mapokezi ya zahanati nyingi yana benchi lililojaa majirani, baadhi ya wanaume huona afadhali waandike.

Barua ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini mambo yaliyomo ni yale yale yanayosikika kila mara chumbani kwa daktari. Mwandishi wake tumfanye dereva wa lori wa Morogoro.

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 49, nina mke na watoto wanne. Tangu mwezi wa tatu mpaka sasa, mwezi wa kumi, mambo ya chumbani hayaendi. Uume unasimama kidogo, halafu unalegea kabla hatujafika popote. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja, nikasema ni uchovu wa safari. Sasa ni karibu kila mara. Hamu ninayo. Zamani nilikuwa naamka asubuhi umesimama wenyewe, lakini siku hizi hata sikumbuki mara ya mwisho.

"Natumia dawa za presha tangu mwaka juzi. Kijiweni waliniambia ndizo zinazoua nguvu, nikaziacha wiki mbili. Hakuna kilichobadilika ila kichwa kuuma. Usiku naamka mara tatu kukojoa, nadhani ni kwa sababu siku hizi nakunywa maji mengi. Mke wangu ananyamaza, ila najua anadhani nina mtu nje. Naomba unipangie siku nije tuzungumze faragha."

Mwenyewe anaamini sentensi nzito ni ile ya mke. Daktari anaisoma kwa huruma, lakini kalamu yake inapiga mistari kwingine kabisa.

Mstari wa kwanza uko chini ya miezi. Uume kugoma siku mbili tatu, baada ya msiba, ulevi au safari ndefu, si ugonjwa. Tatizo likidumu miezi mitatu au zaidi ndipo linapotafutiwa sababu. Halafu kuna namna lilivyoanza. Mwanamume ambaye jana alikuwa mzima na leo hawezi, mara nyingi amepatwa na jambo la moyoni: ugomvi, deni, kufukuzwa kazi. Huyu dereva ameshuka polepole, na mteremko wa namna hiyo huashiria mwili.

Ushahidi mkubwa zaidi ni ule wa asubuhi. Mwanamume mwenye afya husimamisha mara kadhaa usingizini bila kujua, awe anaota mapenzi au ng'ombe, na ile ya alfajiri ni ya mwisho katika mfululizo huo. Hapo hakuna mke, hakuna hofu ya kushindwa, hakuna aibu. Mwenye tatizo la mawazo tu kwa kawaida bado huamka hivyo. Yanapopotea ya kitandani na ya alfajiri kwa pamoja, daktari huanza kuishuku mishipa ya damu, neva au homoni.

Uume hausimami kwa misuli kama mkono unavyonyanyuka. Ashiki ikipanda, neva huachilia kemikali iitwayo nitriki oksidi ndani ya uume, nayo hulegeza kuta za mishipa ya damu. Damu huingia kwa wingi, tishu zake hufura na kuibana mishipa inayoitoa, hivyo damu hubaki ndani. Kuta za mishipa zikikakamaa au zikiingiwa na mafuta, mlango wa kuingilia haufunguki vya kutosha, na kilichoingia hakibanwi. Ndiyo maana dereva anasema unasimama kidogo kisha unalegea.

Sasa kuna kipimo kimoja cha kukumbukwa. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Ugonjwa unaoziba mishipa hauchagui kiungo, lakini ulio mwembamba huonyesha dalili mapema. Kwa wanaume wengi waliokuja kupata ugonjwa wa moyo, tatizo la chumbani lilitangulia maumivu ya kifua kwa miaka 2 hadi 5. Kwa hiyo barua hii, ambayo mwandishi wake anaionea haya, huenda ikawa taarifa ya mapema kuhusu moyo wake, na daktari makini huisoma hivyo.

Mstari mwingine unapita chini ya maji na mkojo. Dereva ameviandika kama nyongeza tu, tena akajipa na jibu lake mwenyewe. Kiu isiyoisha na kukojoa usiku mara tatu ni dalili za kisukari mpaka vipimo vikatae. Sukari nyingi ikikaa katika damu huharibu kuta za mishipa na pia neva zinazopeleka ujumbe, yaani hupiga pande zote mbili kwa wakati mmoja. Si ajabu mtu kugundua kisukari chake kwa njia hii.

Kuhusu vidonge vya presha, watu wa kijiweni hawakuwa wamekosea kabisa. Baadhi ya dawa, hasa atenololi na vidonge vya kukojoza vya kundi la thiazaidi, zimetajwa kwa muda mrefu kuchangia tatizo hili. Zipo nyingine ambazo kwa kawaida hazina shida hiyo, kama losatani. Lakini kubadilisha ni kazi ya daktari. Kuziacha kimyakimya hurudisha presha juu, na presha yenyewe huharibu mishipa ile ile. Tena kuacha atenololi ghafla kunaweza kuushtua moyo. Maumivu ya kichwa ya zile wiki mbili hayakuwa ya bahati mbaya.

Kuna mambo barua haikuyagusa. Je, anavuta sigara? Akipanda ngazi za ghorofa mbili kwa haraka, kifua kinabana? Je, ameshajaribu chochote? Hili la mwisho wanaume hulificha kuliko hata tatizo lenyewe. Kwenye stendi kuna vumbi la Kongo, kuna mkuyati, kuna chupa zisizo na lebo, na muuzaji husema ni mizizi mitupu. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali, ikiwemo ile ya Marekani, zimekuta mara nyingi sildenafili imechanganywa kwa siri ndani ya bidhaa zinazouzwa kama za asili. Mtumiaji hajui amemeza kiasi gani, na daktari hajui cha kukwepa.

Jibu analorudishiwa dereva ni fupi. Aje Jumatano asubuhi kabla ya saa nne, awe hajala kitu tangu saa mbili usiku isipokuwa maji, na alete pakiti za dawa zote, hata za mitishamba. Saa imechaguliwa kwa makusudi: sukari na mafuta ya damu hupimwa vizuri tumbo likiwa tupu, na homoni ya kiume, testosteroni, huwa juu asubuhi, kwa hiyo ikipimwa mchana inaweza kuonekana imeshuka wakati haijashuka. Mke anakaribishwa, mume akipenda, ila dakika za kwanza ni za mume peke yake.

Siku yenyewe ilivyo si ya kutisha. Anaulizwa maswali matano yenye alama, yanayotumika duniani kote: ana uhakika kiasi gani wa kusimamisha, unakuwa mgumu kiasi cha kuingia, unadumu, na kadhalika. Alama zote ni 25, na kuanzia 21 kushuka chini huhesabika kuwa kuna tatizo. Yeye anapata 10. Kisha anapimwa presha, inasoma 154 kwa 96. Daktari anapapasa mapigo ya damu miguuni, anagusa nyayo kuona kama zimekufa ganzi, anakagua korodani na uume kama kuna makovu. Yote hayachukui hata robo saa. Sukari ya kufunga inakuja 9.8, wakati kisukari huanza kuhesabiwa 7.0, na kipimo cha pili siku nyingine kinathibitisha. Testosteroni iko sawa, jambo linaloafikiana na hamu aliyosema anayo.

Kwa hiyo matibabu hayaanzi na kidonge cha kusimamisha. Yanaanza na metfomini ya kisukari, dawa nyingine ya presha badala ya atenololi, na maelekezo ya kutembea kila siku, hata kama ni kuzunguka lori bandarini likisubiri mzigo. Sildenafili inaongezwa baada ya daktari kuridhika na moyo wake.

Dawa hii ilikuwa ikijaribiwa Uingereza kwa ajili ya maumivu ya kifua. Kifua hakikunufaika sana, lakini wanaume kwenye majaribio walieleza mabadiliko mengine, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo ya pili kwa jina la Viagra. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachofuta ujumbe wa ile nitriki oksidi. Ujumbe usipotumwa kabisa, haina cha kulinda, na ndipo wengi wanapokwama: wanameza, wanakaa kutazama mpira, wanasubiri muujiza. Bila mahaba haifanyi kitu. Dereva anaandikiwa miligramu 50, ameze kama saa moja kabla, isizidi mara moja kwa siku, na asiimeze juu ya chipsi na nyama choma kwani mafuta huichelewesha. Isipofanya kazi mara ya kwanza asiitupe. Huhitaji kujaribiwa mara sita hivi, kwa siku tofauti, kabla ya kusemwa imeshindwa. Kwa wenye kisukari hushindwa mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Hapo zipo njia nyingine, kama pampu ya kuvuta damu au sindano ya kwenye uume, ambayo huchomwa nyumbani baada ya kufundishwa.

Ziara ya pili mke alikuja. Swali lake lilikuwa moja, kama dawa zinaweza kumfanya mumewe atafute mwingine, na daktari akamweleza kuhusu sukari, mishipa na neva mpaka akaelewa kwa nini miezi ile saba mumewe alikuwa akijifanya amelala.

Kabla hawajaondoka waliambiwa mambo mawili ya kushika, wote wawili. Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, waende hospitali usiku huo huo, kwani tishu huanza kufa. Na kifua kikibana baada ya kumeza, mke awaambie wahudumu wa dharura saa iliyomezwa sildenafili. Dawa za naitrati, zile za kuweka chini ya ulimi ambazo hutolewa kwa maumivu ya moyo, hazitolewi ndani ya saa 24 baada yake, kwa sababu zikikutana presha huporomoka hata kuua.