Uhamisho wa Watalai katika mistari sita

Kibao cha maonyesho husomwa na mtu aliyesimama, mara nyingi akiwa na mtoto mkononi na wengine nyuma yake wakisubiri nafasi. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, msomaji huyo anaweza kuwa bibi wa Kipsigis anayesomewa na mjukuu, mchuma chai aliyetoka Kisii au Kakamega, au mtalii aliyepita tu. Wote wanakitegemea Kiswahili au Kiingereza cha kibao kilekile. Kwa hiyo nitachukua tukio moja ambalo maonyesho yoyote ya historia ya eneo hili hayawezi kulikwepa, yaani kuhamishwa kwa ukoo wa Talai mwaka 1934.

Tuseme mfasiri amepewa maelezo ya Kiingereza yanayosema kwamba Watalai walihamia Gwassi kwa mujibu wa sheria ya kuwaondoa malaiboni, na hivyo nyanda za juu zikafunguliwa kwa kilimo cha chai. Ni sentensi moja tu, lakini ina mitego mitatu.

Wa kwanza ni kitenzi. Anayehama huondoka kwa hiari yake. Ukiandika “walihamishwa” umekaribia ukweli, ila aliyewahamisha bado hajulikani. Msomaji ana haki ya kumjua, naye ni serikali ya kikoloni. Mtego wa pili umo katika jina la sheria yenyewe. “Laiboni” ni neno lililotoka kwa Wamaasai, na wakoloni walilitumia hata kwa watu wa Kalenjin. Wakipsigis humwita kiongozi huyo orkoiyot, na wakiwa wengi ni orkoiik. Usimfanye “mganga”, sembuse “mchawi”, kwa maana kufanya hivyo ni kurudia dharau ya waliomfukuza. Acha jina lake kama lilivyo, kisha ulieleze kwa maneno machache. Mtego wa tatu ni wa tarehe. Kampuni kubwa za chai zilikuwa zimeanza kupanda Kericho tangu miaka ya 1920, kwa hiyo uhamisho wa 1934 haukuweza kuwa ndio uliofungua mlango. Hapa mfasiri anapaswa kumrudia mwandishi wa maonyesho na kumwomba asahihishe Kiingereza pia. Vibao viwili vinavyopingana vikitundikwa pamoja, mgeni anayejua lugha zote mbili ataligundua hilo mara moja.

Sasa urefu. Wataalamu wengi wa vibao hupendekeza maneno 50 hivi, lakini kwetu kipimo hicho hudanganya. “Hawakuruhusiwa” ni neno moja lenye herufi 14, ilhali Kiingereza hulisema kwa maneno manne. Kibao cha Kiswahili chaweza kuwa na maneno machache zaidi na bado kikajaza nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana mimi huhesabu herufi. Msweden Margareta Ekarv alipendekeza mistari ya herufi 45 hivi, kila mstari ukiishia pale pumzi inapoishia. Kwa mtoto anayemsomea bibi yake, mpangilio huo unafaa sana:

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Waingereza
iliwaondoa kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai
na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.
Ukoo huu wa Wakipsigis ulitoa orkoiik,
viongozi wa kiroho walioogopwa na serikali.
Watalai walirudi uhuru ulipokaribia.

Ni maneno 38. Chai haikutajwa, kwa sababu ina kibao chake. Jina la sheria nalo limeachwa, kwani mgeni aliyesimama halihitaji ili aelewe.

Kabla ya kuchapa, mpe kibao hiki mtu asiyeijua habari hii akisome kwa sauti, kisha kifunike na umuulize nani alifanya nini, na kwa nini. Akijibu kwamba Watalai walikimbia, tatizo liko kwenye kitenzi. Akikwama kwenye “orkoiik”, angalia kama maelezo yako mbali mno na neno. Halafu mpe mzee wa Kipsigis, na umsikilize hasa anapolitamka jina hilo, maana tahajia mbaya humkwaza yeye kwanza.

Yaliyobaki yanaingia katika kijitabu cha mgeni, kwa namba ileile ya kibao na kwa majina yaleyale. Ukiandika orkoiyot ukutani na laiboni kijitabuni, msomaji atadhani ni watu wawili tofauti. Humo ndimo jina la sheria linapopata nafasi, pamoja na mbu na mbung'o wa Gwassi, na madai ya ardhi ambayo Tume ya Taifa ya Ardhi iliyatambua mwaka 2019 kuwa dhuluma ya kihistoria. Habari hiyo ya mwisho bado inasonga, na kijitabu ni rahisi kukichapa upya kuliko kibao cha ukutani.